Kigoma: Sahani ya mgonjwa wa kifua kikuu mwenye kipato kidogo

Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za serikali nchini Tanzania, kama zinavyotolewa huku kwetu Burundi. Chakula hakitolewi. Mgonjwa anayeishi Ujiji, Gungu au Mwandiga, mkoani Kigoma, hupokea vidonge vyake, akaambiwa ale vizuri, kisha akarudi nyumbani ambako ugali huliwa mara mbili kwa siku na mboga hutegemea kibarua cha siku hiyo. Makala haya yanaeleza namna nyumba ya aina hiyo inavyoweza kumpatia mgonjwa nguvu na protini za kutosha kwa vyakula vinavyouzwa katika masoko ya kando ya Ziwa Tanganyika. Wasikilizaji wetu wa Buyenzi, Rumonge na Nyanza-Lac wataona kwamba ni vyakula vilevile wanavyovijua, ingawa dagaa wa Kigoma wao huwaita ndagala.

Kifua kikuu hula mwili kwa njia mbili. Homa ya kila jioni huunguza akiba ya mafuta na misuli, na wakati huohuo ugonjwa huondoa hamu ya kula, hivyo kinachotoka ni kingi na kinachoingia ni kidogo. Matibabu ya kawaida ni ya miezi sita: miezi miwili ya mwanzo kwa dawa nne zilizounganishwa katika kidonge kimoja, na miezi minne inayofuata kwa dawa mbili, rifampisini na isoniazidi. Vidonge vikianza kufanya kazi, homa hushuka, na baada ya wiki chache hamu ya kula hurudi kwa kishindo. Mgonjwa aliyekuwa akisukuma sahani pembeni sasa huamka usiku akiwa na njaa.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Katika nyumba yenye chakula, njaa hiyo ni habari njema. Katika nyumba isiyonacho, ni mateso, na mgonjwa huanza kuilaumu dawa. Husema dawa ni kali, zinakwangua tumbo, hazifai kumezwa na mtu asiyekula nyama na maziwa. Huruka siku moja, kisha tatu, kisha hukoma. Wadudu waliobaki mwilini hupata nafasi ya kuzoea dawa, na kifua kikuu sugu hutibiwa kwa dawa nyingine, kwa shida kubwa zaidi. Kwa sababu hiyo swali la mgonjwa ale nini halitengani na swali la kama atamaliza dozi.

Ushahidi wa jambo hili umetoka mbali kidogo, katika jimbo la Jharkhand nchini India, lenye umaskini mwingi na kifua kikuu kingi. Kuanzia mwaka 2019 watafiti waliwafuatilia huko wagonjwa 2,800 waliopewa, pamoja na dawa, mfuko wa chakula kila mwezi. Kiasi cha kila siku kilikuwa na kalori 1,200 na protini gramu 52, juu ya kile walichokula nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba mgonjwa aliyeongezeka uzito kwa asilimia 5 katika miezi miwili ya kwanza alikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa asilimia 61. Mfuko wenyewe haukuwa na vitu vya fahari: mchele, jamii ya kunde, maziwa ya unga na mafuta, pamoja na vidonge vya vitamini.

Sasa turudi Kigoma, na tuchukue mfano. Kijana wa miaka thelathini, mbeba mizigo mwaloni, ana urefu wa mita 1.65, na siku alipoanza dawa mizani ilionyesha kilo 45. Kwa urefu huo, uzito wa chini unaokubalika ni kilo 50 na nusu hivi. Asilimia 5 ya kilo 45 ni kilo mbili na robo, kwa hiyo mwisho wa mwezi wa pili anapaswa kuwa amepita kilo 47. Ili afike huko anahitaji takriban kalori 2,000 hadi 2,200 kwa siku, na protini gramu 60 hadi 75.

Ndugu zake, kwa mapenzi, kwanza humfikiria nyama. Huchanga fedha za supu ya kongoro, wakanunua glukosi ya kopo na chupa mbili za soda. Fedha hiyo hupotea bure. Supu iliyochujwa ni maji, chumvi na mafuta machache. Nguvu imebaki katika nyama, na nyama yenyewe ni vipande viwili. Glukosi na soda ni sukari tupu. Isitoshe, hata kipande kizuri cha nyama hakimfai sana mtu asiyeshiba, kwa maana mwili ukikosa nishati huchoma protini kama kuni badala ya kujengea misuli. Nishati itangulie, protini ifuate. Na nishati ya bei nafuu katika mkoa huo imo katika chupa nyekundu inayouzwa kila genge, yaani mawese.

Kijiko kimoja cha chakula cha mawese kina kalori karibu 120. Kupata kiasi hicho kwa ugali, mgonjwa angelazimika kumeza matonge mengine kadhaa, na mtu mwenye kichefuchefu hawezi. Ugali na uji hujaza tumbo kwa maji kabla ya kulijaza kwa chakula. Mafuta na karanga hufanya kinyume chake: huongeza nguvu bila kuongeza ukubwa wa sahani. Mawese yasiyosafishwa yana pia vitamini A nyingi, ambayo wagonjwa wa kifua kikuu mara nyingi hupungukiwa nayo. Sharti ni kutoyaunguza. Wapishi wanaoyachoma jikoni hadi yapoteze wekundu huiondoa vitamini hiyo pamoja na rangi. Ni vyema kuyatia katika maharage au mboga mwishoni, chungu kikiwa karibu kuepuliwa.

Siku ya kijana wetu basi inaweza kwenda hivi. Anapoamka humeza vidonge kwa maji, tumbo likiwa tupu, na kusubiri saa moja. Kisha hunywa uji wa unga wa mahindi au ulezi, uliopikwa kwa gramu 70 za unga na kuchanganywa na vijiko vinne vya chakula vilivyojaa vya karanga zilizotwangwa, pamoja na sukari vijiko vitatu vya chai. Uji huo peke yake una kalori zaidi ya 500 na protini gramu 15. Asiulazimishe wote kwa mkupuo. Nusu anywe saa moja asubuhi na nusu saa tatu. Uji wa karanga uwe mzito wa kushika kijiko, kwa sababu uji mwepesi unamdanganya yeye na anayempikia.

Saa nne ale ndizi mbivu na yai la kuchemsha, kama yai lipo. Mchana ni ugali wa gramu 120 za unga, maharage yaliyopimwa yakiwa makavu kasoro kidogo ya nusu kikombe, na kijiko cha mawese juu yake. Mlo huu ndio nguzo ya siku: kalori zipatazo 800 na protini gramu 27, nyingi zikitoka katika maharage. Alasiri atafune kiganja cha karanga za kukaanga. Usiku ale wali au ndizi za kupika pamoja na viganja viwili vya dagaa wakavu, kama gramu 30, waliopikwa kwa nyanya, kitunguu na kijiko cha mafuta. Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, hivyo kiasi hicho kidogo hutoa gramu 17 au 18.

Ukijumlisha unapata kalori karibu 2,150 na protini gramu zaidi ya 70. Angalia pia kinachoweza kupunguzwa fedha zikikosekana. Yai likiondolewa, zinapotea gramu 6 za protini, na siku bado inatosha. Wali ukibadilishwa na muhogo, nguvu inabaki lakini protini inapungua kidogo, maana muhogo hauna protini ya kutajika. Basi siku ya muhogo dagaa waongezwe kiganja kimoja. Visivyofaa kuondolewa ni maharage, karanga na vijiko viwili vya mafuta, kwa kuwa vikitoka hivyo siku nzima inaporomoka chini ya kalori 1,500, kiasi kisichoweza kumrudishia mtu mzima uzito wake.

Gharama ambayo watu husahau kuihesabu ni mkaa. Maharage makavu yanayochemka saa tatu yanaweza kula mkaa wa thamani kubwa kuliko yenyewe. Yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, yachemshwe katika maji mapya chungu kikiwa kimefunikwa, na chumvi itiwe yakishaiva. Kwa nyumba isiyo na friji, yapikwe ya siku moja tu, na ya usiku yachemshwe tena hadi yatoe mapovu kabla ya kuliwa. Tumbo la kuharisha humwibia mgonjwa kazi ya wiki nzima.

Karanga zinataka uangalifu wa aina nyingine. Punje zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zenye uchungu zitolewe moja moja kabla ya kukaanga, na unga wa karanga ulio tayari sokoni uepukwe, kwa sababu hakuna anayejua kilichotwangwa ndani yake. Ukungu huo hutoa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa na hudhuru ini. Tanzania inaikumbuka vizuri: mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mgonjwa wa kifua kikuu ana sababu ya ziada ya kuiogopa, kwani dawa tatu kati ya nne anazomeza hupita katika ini na wakati mwingine hulichosha. Kwa sababu hiyohiyo pombe iachwe kabisa kwa miezi yote sita, pamoja na ile ya kienyeji ambayo baadhi ya wazee husema inaongeza damu.

Kuhusu dagaa, wale wa bei ya chini huwa wameanikwa juu ya mchanga wa ufukweni. Waoshwe haraka kwa maji ya vuguvugu, mara mbili au tatu, kisha wakaushwe katika sufuria bila mafuta kabla ya kupikwa. Mgonjwa mwenye vidonda mdomoni au asiyeweza kutafuna hutwangiwa dagaa waliokaushwa hivyo wakawa unga, na kijiko kimoja au viwili vya unga huo hutiwa katika maharage. Msimu wa mvua uangaliwe, maana dagaa hukauka polepole na kuanza kuoza wakiwa juani. Dagaa wenye harufu kali, wanaonata au wanaowasha ulimi wasinunuliwe hata kama bei imeshuka. Samaki walioharibika huwa na kemikali iitwayo histamini, na isoniazidi huzuia mwili kuivunja. Mgonjwa aliyekula samaki wa namna hiyo, hasa jamii ya jodari na vibua, anaweza kuona uso unakuwa mwekundu au wa moto, kichwa kinamuuma na moyo unakwenda mbio dakika chache baada ya mlo. Aende kituoni na aseme alichokula. Asiposema, yeye na jirani zake watadhani dawa imemkataa.

Kuna pia miezi ambayo dagaa huadimika. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wapate kuzaliana, chini ya makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa hilo. Bei katika kipindi kama hicho hupanda pande zote za maji. Nyumba yenye mgonjwa inaweza kununua debe mapema na kulihifadhi pakavu, na isipoweza, iongeze maharage ya usiku au itumie soya na njugu mawe. Nafaka na jamii ya kunde zikiliwa pamoja hukamilishana, kila moja ikileta sehemu ya protini ambayo nyingine inayo kwa uchache.

Tulisema vidonge vimezwe tumbo likiwa tupu. Sababu ni kwamba chakula, hasa chenye mafuta mengi, hupunguza kiasi cha isoniazidi na rifampisini kinachoingia katika damu. Lakini wapo wanaotapika kila asubuhi. Kwa hao wahudumu wa afya huruhusu vijiko vichache vya uji mwepesi usio na karanga kabla ya vidonge, au huhamishia vidonge wakati wa kulala, na mlo wenye mafuta huja baadaye. Dawa iliyomezwa na chakula kidogo ni bora kuliko dawa iliyotapikwa. Ganzi au moto katika nyayo ni jambo jingine la kuripotiwa: isoniazidi hupunguza vitamini B6 mwilini, hasa kwa mtu aliyekonda, na kituo kina kidonge cha kuirudisha.

Dalili moja inahitaji kupewa nafasi yake. Mgonjwa ambaye hamu yake ya kula ilikwisha kurudi, kisha ikapotea tena ghafla pamoja na kichefuchefu, uchovu au maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu, asishauriwe kujilazimisha kula. Huenda ini limeumia. Mkojo wa rangi ya chungwa si hatari, ni rangi ya rifampisini. Mkojo mweusi kama chai ya rangi, pamoja na macho ya manjano, ni hatari. Asimeze dozi inayofuata kabla ya kuonwa na mganga, na aende siku hiyohiyo.

Mpango huu wa sahani pia una mipaka. Mtu aliyekonda kupita kiasi, asiyeweza kusimama bila msaada, aliyevimba miguu, au ambaye kwa siku nyingi hajala kitu cha maana, asianzishiwe milo mikubwa nyumbani. Mwili uliokaa na njaa kwa muda mrefu ukijazwa chakula kwa ghafla huvuruga chumvi za damu, na moyo unaweza kushindwa. Huyo apelekwe hospitali, ambako huanzishwa kwa kiasi kidogo na kupewa chakula-dawa cha njugu kilichotengenezwa kwa ajili hiyo. Mwenye kisukari aondoe sukari katika uji na apunguze unga, lakini mafuta, maharage na dagaa abaki navyo. Mwenye maradhi ya figo aulize kabla ya kuongeza protini.

Ndani ya nyumba, jambo gumu zaidi huwa ni ugawaji. Mama anayeumwa huchota chakula cha watoto kwanza akabakiwa na ukoko. Baba anayeumwa hupewa kikubwa, na watoto wakaangalia. Wapo pia wanaomtengea mgonjwa sahani na kikombe, wakidhani ugonjwa hupita kwa vyombo. Haupiti huko, hupita kwa hewa ya kikohozi, na hatari hiyo hupungua haraka mtu anapomeza dawa sawasawa, madirisha yakiwa wazi. Kinachofaa kutengwa ni kiasi chake cha karanga na mafuta, kipimwe asubuhi kijulikane kuwa ni chake, na chungu kibaki kimoja. Utafiti uleule wa Jharkhand uliwapa chakula cha ziada pia baadhi ya watu walioishi na wagonjwa, na miongoni mwao visa vipya vya kifua kikuu vilipungua kwa asilimia 39 vikilinganishwa na nyumba ambazo mgonjwa pekee ndiye aliyepewa. Uji wa karanga anaopewa mtoto wa nyumba hiyo, kwa hiyo, ni sehemu ya kinga yake.

Mizani ndiyo itakayoonyesha kama sahani inatosha. Kila mwezi mgonjwa akienda kuchukua dawa apimwe, bila viatu, akiwa na nguo nyepesi, na namba iandikwe katika kadi yake. Kijana wa kilo 45 akifika kilo 46 mwisho wa mwezi wa kwanza, anakwenda vizuri. Akibaki pale pale, kwanza iulizwe kwa upole kama chakula kilichopimwa kweli kilimfikia yeye. Ikiwa kilimfikia na bado haongezeki hadi mwezi wa pili, makohozi yapimwe tena, na sukari ya damu, virusi vya Ukimwi na minyoo vichunguzwe. Uzito ukipanda sana nao una neno lake: idadi ya vidonge hupangwa kwa kilo, hivyo aliyeanza na vidonge vitatu akiwa na kilo 45 atahitaji vinne akifika kilo 55, na anayegawa dawa hataijua kilo hiyo asipompandisha mgonjwa kwenye mizani.